Kwao au Kwai

Sisi mafundi mitambo wa redio hatujulikani mpaka kitu kiharibike. Matangazo yakienda vizuri, sifa ni za mtangazaji. Yakikoroma, mama muuza karoti ananisimamisha sokoni, fungu mkononi, ananiuliza jana nilikuwa nimelala au vipi. Nimezoea, na ulimi ninao, huwa najibu. Lakini kwa hili ninaloliandika hapa ulimi haukunisaidia kitu.

Redio yetu ni ndogo. Ipo Lushoto mjini, vyumba vitatu na mnara juu ya kilima, tunafungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni kwa sababu hatuna watu wa kukesha. Kila Jumatano saa nane mchana kulikuwa na kipindi cha baba yangu. Baba ni mwalimu mstaafu. Halipwi. Meneja wetu, mama mmoja wa Tanga mjini, alimsikia akizungumza msibani akaona sauti ile isipotee bure. Basi baba anakaa kwenye kipaza sauti na koti lake la sufu, anasimulia mambo ya zamani, watu wanapiga simu, wanabishana naye, wanacheka. Nyumbani tunasema Kishambaa, lakini redioni baba alishikilia Kiswahili cha darasani, kilichonyooka, kila herufi mahali pake. Alikuwa akijivunia hilo kuliko hata pensheni yake.

Baba ana rafiki mmoja tu wa kweli, mzee wa kule Kwai, anayefuga ng'ombe wa maziwa. Walipangiwa kazi ya ualimu pamoja huko Mtae wakiwa vijana wabichi, wakalala chumba kimoja, wakapika sufuria moja. Mimi sikuwahi kumwita kwa jina. Ni baba mkubwa. Nilipozaliwa ndiye aliyekwenda kumchukua bibi yangu kwa miguu, gari halikuwepo. Kila Ijumaa walikuwa wanaswali msikiti mmoja mjini, kisha wanakunywa chai kwetu mpaka mama anaanza kufagia miguuni pao ili waelewe. Hawakuwa wanaelewa.

Mwaka huo baba mkubwa aliuza kipande cha shamba. Mtoto wake mmoja alikuwa mgonjwa, kulikuwa na hospitali ya mbali, hakuna haja ya kueleza zaidi. Aliyenunua hakuwa mtu wa huku. Kwenye kona ya shamba lile palikuwa na makaburi ya wazee wao, na ingawa walikubaliana yaachwe, watu walisema. Huku kwetu unaweza kuuza ng'ombe, unaweza kuuza hata kitanda unacholalia, lakini ukiuza ardhi yenye makaburi utasemwa mpaka na watoto wa shule. Baba mkubwa aliumia. Akapungua mwili, akawa mwepesi wa kukasirika.

Na ndipo Jumatano moja baba akasimulia habari za mwalimu mwenzao wa zamani, mtu wa upande wa Muheza. Kisa chenyewe kilikuwa cha kuchekesha, habari za mzee aliyeuza shamba la matunda, halafu kila msimu anarudi kuchuma machungwa kwa madai kwamba babu zake waliozikwa pale wamemwalika. Baba anaapa alisema, "Kulikuwa na mzee mmoja wa kwao, aliuza shamba na makaburi ndani." Wa kwao, yaani wa kwao yule mwalimu, huko Muheza.

Waliosikiliza Kwai, redio juu ya dirisha na ng'ombe wakilia nje, walisikia, "mzee mmoja wa Kwai."

Mimi, binti yake, nilikuwepo studio. Usiniulize nilisikia lipi. Nilikuwa na simu sikioni, nampanga msikilizaji wa kumuunganisha hewani, na mtu wa mitambo akiwa kazini anasikia sauti kama imepanda au imeshuka, maneno hayasikii. Nimeulizwa swali hilo na watu wengi, na kila nilipojibu hivyo walinitazama kama nawaficha.

Kufika jioni maneno yalikuwa yamesambaa. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa baba mkubwa waliandika kwamba mwalimu amemtangaza rafiki yake redioni. Wapo waliosema hapana, tumesikia kwao. Wapo walioapa ni Kwai. Baba alipiga simu usiku huohuo, haikupokelewa. Kesho yake akatuma mtu. Baba mkubwa akamrudisha yule mtu na jibu la kiungwana kabisa: redio inarekodi matangazo yake yote, kila mtu anajua, atakuja asikie kwa masikio yake. Kama ni kwao, ataomba radhi yeye mbele ya msikiti mzima. Kama ni Kwai, basi tena, wasijuane.

Baba alifurahi, jamani. Alikula siku hiyo. Alisema, si ndiyo vizuri, neno langu lipo pale, limekaa, linanisubiri.

Sasa niwaeleze hiyo rekodi, maana kila kitu kimelalia hapo. Redio lazima itunze sauti ya kila kilichoenda hewani, mtu akilalamika uweze kumsikilizisha. Sisi tulikuwa na kompyuta kuukuu pembeni, kazi yake ni hiyo tu, na programu ya zamani inayorekodi faili aina ya WAV, ile sauti halisi isiyobanwa. Awali nilikuwa nasimamisha kila saa na kuanza faili jipya. Lakini siku moja, katika zile sekunde nilizokuwa nabadilisha, likasomwa tangazo la kifo. Familia ikaja juu, kwamba tangazo la mama yao halikusomwa. Lilisomwa, lakini kwenye rekodi jina la marehemu halikuwepo, lilianguka katikati ya mafaili mawili. Meneja aliona aibu hadi machozi. Akatoa amri: kuanzia leo hakuna kukata. Washa asubuhi, zima jioni. Jina la marehemu halikatwi katikati.

Hakuna aliyebisha. Ungebisha vipi? Huku matangazo ya vifo ndiyo watu wanayoyasikiliza kuliko habari za taifa. Basi tukawa tunarekodi mkupuo mmoja, saa kumi na mbili nzima, faili moja kubwa kila siku, na hakuna aliyekuwa anayafungua mafaili hayo. Nani ana muda wa kusikiliza jana?

Jumamosi ya wiki ile nilikuwa Muheza kwenye harusi ya binamu yangu. Baba hakuweza kungoja. Akaenda redioni, akamwomba meneja amruhusu asikilize mwenyewe kwanza. Si kwa hila, nawaapia. Alitaka tu kusikia neno lake. Meneja akamfungulia faili la Jumatano kwenye programu ya kuhariri sauti, akamwonyesha pa kubonyeza, akarudi ofisini kwake. Baba akasikiliza. Anasikia vibaya kidogo sikio la kushoto, akaongeza sauti kwa kile kitufe cha programu, si cha spika. Akasogeza mbele, akasogeza mbele, mpaka mwisho. Mwisho wenyewe ulikuwa saa tano na robo asubuhi, katikati ya tangazo la mbegu za kabichi. Saa nane haikuwemo.

Alinipigia simu nikiwa ukumbini, ngoma zinalia, akaniambia rekodi haijafika kwenye kipindi chake. Nikamwambia asihangaike, afunge, nitaangalia Jumatatu. Akafunga.

Jumatatu nikaangalia, na kweli, faili lilikuwa na saa tano na robo. Nilitukana ile kompyuta, nikaipiga na kofi. Niliamini imeganda siku ile, maana ilishawahi kuganda. Nilimwambia meneja, naye akasema sasa tufanye nini, mzee anakuja kesho.

Akaja kweli, na mwanawe mkubwa. Nikasema shikamoo baba mkubwa, akaitikia marahaba vizuri tu, akauliza habari za harusi. Nilijaribu kumweleza kabla hajakaa kwamba rekodi haikufika kwenye kipindi. Akasema hata hivyo amekuja, atasikiliza. Akakaa na kofia yake gotini. Nikamchezea dakika za mwisho. Likaja lile tangazo la kabichi, mtu anasema mbegu hizi zinavumilia, na kukatika. Kimya. Mwanawe akanitazama mimi, kisha akamtazama baba yangu aliyekuwa amesimama mlangoni, kisha mimi tena. Binti wa mtuhumiwa ndiye mwenye funguo za ushahidi.

Baba mkubwa akavaa kofia. Akasema polepole, "Mashine nayo imejua pa kunyamazia."

Niliinuka, nikamwambia shikamoo ya kumuaga, kama tulivyozoeshwa toka utotoni. Hakuitikia. Sijawahi katika maisha yangu kutoa shikamoo ikaanguka chini. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, lakini nilikwenda chooni nikalia kama niliyechapwa.

Baada ya hapo baba aliacha kipindi. Meneja alimbembeleza, wapi. Ijumaa alihamia msikiti mwingine, mdogo, wa juu huko, ili asimtie rafiki yake katika mtihani wa kumsalimia. Chai ya Ijumaa mama aliendelea kuipika kwa mazoea, kisha tunaimwaga. Mjini watu wakapokea habari kwa namna waliyotaka: mwalimu alimtukana mwenzake, binti akafuta. Niligombana na watu wawili sokoni kwa hilo, mmoja nikamwambia maneno ambayo siyarudii hapa.

Wiki zikapita. Kisha akaja kijana kutoka Mlalo kuomba nakala ya tangazo la msiba wa babu yake, lililosomwa saa kumi jioni ya siku fulani. Kijana alipokuja, baba alikuwepo studio. Alikuwa ameanza kuja kukaa nami mchana, haongei, anashika gazeti lilelile. Nikafungua faili la siku ya tangazo hilo. Likaishia saa tano na robo.

Nikasema sikubali. Nikafungua la siku ya pili yake: saa tano na dakika kumi na tatu. La siku nyingine: saa tano na dakika kumi na sita. Kompyuta haigandi kila siku kwa saa kama muadhini. Ndipo nikafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa na sababu ya kulifanya: sikuangalia saa, nikaangalia uzito wa faili kwenye diski. Gigabaiti saba na ushei. Sauti ya saa tano haina uzito huo, haifiki hata nusu yake. Nikajua kuna kitu humo ndani ambacho programu haikioni.

Nilimpigia simu fundi mmoja wa Tanga aliyenifundisha kazi, na baada ya kunicheka kwanza akanieleza. Faili la WAV lina kichwa, maneno machache mwanzoni kabla ya sauti yenyewe. Kinaanza na herufi RIFF, na mbele kidogo panaandikwa sauti iliyofuata ina ukubwa gani. Nafasi ya kuandika huo ukubwa ni baiti nne tu, ilipangwa zamani wakati diski nzima ilikuwa ndogo kuliko wimbo mmoja wa leo. Katika baiti nne namba kubwa kabisa inayoingia ni bilioni nne na kitu. Ukifika hapo umejaza, ni kama mita ya pikipiki ikimaliza tisa zote, inarudi sifuri na kuanza kuhesabu upya. Pikipiki imetembea, barabara ni ileile, ila mita inasema imetoka dukani jana.

Kwa ubora tuliorekodia sisi, mita inajaa baada ya saa sita na dakika arobaini na tano hivi. Tulikuwa tunarekodi saa kumi na mbili. Toa, inabaki saa tano na robo. Programu ile ya zamani haikusimama wala kulalamika, iliendelea kuandika sauti yote kwenye diski mpaka jioni, halafu wakati wa kufunga ikaandika kichwani namba iliyobaki baada ya mita kuzunguka. Ukija kufungua, programu ya kusikiliza inasoma kichwa, inaamini, inacheza saa tano na robo za mwanzo na kuishia hapo. Zilizobaki zipo palepale nyuma, inaziona kama takataka.

Dawa nayo ipo, na si ngumu. Ipo namna nyingine ya faili, RF64, ndugu wa WAV kabisa, sauti ni ileile, ila pale kwenye ile nafasi finyu panaandikwa alama ya kusema usisome hapa, na ukubwa wa kweli unawekwa kwenye chumba kingine cha mwanzoni chenye baiti nane kwa kila namba. Baiti nane hazijai, hata ungerekodi tangu mlima huu uumbwe. Fundi akasema programu nzuri huwa inaacha mwanzoni mwa faili nafasi tupu, haina kitu. Rekodi ikiwa fupi, nafasi ile inabaki hivyo na faili ni WAV ya kawaida. Ikivuka mpaka, inageuzwa kuwa chumba cha namba kubwa. Na kwa yale mafaili ya zamani, nisiyafungue kwa kuamini kichwa. Niiambie programu isome sauti yenyewe tu, ghafi, mpaka pale faili linapoishia kwenye diski, kisha nihifadhi upya kama RF64, kwa jina jingine.

Nikafanya. Nikaona ile michoro ya sauti inajichora kwenye kioo, ikapita saa tano, ikapita saa sita, adhuhuri, saa nane, ikaenda mpaka saa kumi na mbili jioni, msomaji anawatakia watu usiku mwema. Nikapiga makofi. Tangazo la babu yake yule kijana lilikuwepo, jina lote, na ukoo, na saa ya mazishi. Kijana akashukuru, akaondoka. Nikageuka na kicheko mdomoni kumweleza baba.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa amefurahi. Hili ndilo linaloniua, kwamba kwanza alifurahi. Macho yalimng'aa kama ya mtoto, akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti changu na kusema, kwa Kishambaa, kwamba basi na la Jumatano ile lipo hivyohivyo, lipo lote, nilifungue sasa hivi, nimpigie simu baba mkubwa aje.

Na mimi mjinga nikaifungua folda kwa pupa. Nikaona. Mafaili yote ya siku zile gigabaiti saba, saba, saba. La Jumatano ile gigabaiti tatu. Na tarehe ya mwisho kuhifadhiwa haikuwa Jumatano. Ilikuwa Jumamosi.

Baba anajua kusoma, na mwalimu husoma haraka. Akasoma safu ile juu mpaka chini.

"Nilipofunga iliniuliza," akasema. "Iliniuliza nihifadhi au nisihifadhi. Niliogopa nikisema hapana litapotea."

Nikamuuliza alibonyeza nini, ingawa nilikuwa najua.

"Ndiyo."

Alikuwa ameongeza sauti kwa ajili ya sikio lake. Programu ikaona faili limebadilika, ikauliza. Akajibu kama ambavyo mtu makini angejibu. Ikahifadhi kile ilichokuwa inakiona, saa tano na robo, juu ya faili lenyewe, kwa jina lilelile, na saa sita na zaidi za nyuma zikaachwa nje. Siku ile ya Jumamosi asubuhi, baba anaingia pale mlangoni, neno lake lilikuwemo ndani, zima. Ni yeye aliyelifuta, kwa kuliogopea.

Nilijaribu yote. Nilitafuta vipande vilivyofutwa kwenye diski, fundi wa Tanga alipanda mpaka Lushoto na vifaa vyake. Lakini ile kompyuta ilikuwa inarekodi kila siku, na kila siku inaandika mapya juu ya nafasi zilizoachwa wazi. Tulipata vijipande: nusu wimbo, mtu anapiga chafya, mnada wa ng'ombe. Cha saa nane hatukupata hata pumzi.

Mama akasema tuliache hapo, nani amemuuliza. Mimi pia nilisema hivyo, nilimsihi. Baba akasema hawezi kukaa na jambo kama hili, rafiki yake anadhani mimi ni mwongo, na yeye anajua ukweli wake. Hapo nikaacha kumsihi, kwa sababu aliyekuwa anamtetea ni mimi. Jumapili tukaenda Kwai.

Tulikaribishwa. Tulipewa viti, tukapewa maziwa ya moto kwenye vikombe vya wageni, siyo vile vya siku zote. Nikasema shikamoo, ikaitikiwa kwa sauti ndogo. Baba hakuzunguka. Alimweleza kwamba rekodi ilikuwepo nzima, kwamba mashine haikunyamaza, kwamba binti yake hakugusa. Akasema, "Aliyefuta ni mimi. Kwa mkono wangu, kwa kutojua."

Ng'ombe alikuwa anajikuna kwenye boma nje, mbao zinalia. Mimi nikaingilia, nikaanza kueleza habari za kichwa cha faili na baiti nne, na mita ya pikipiki, nikijisikia mwenyewe jinsi ninavyobabaika. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila nilivyoendelea kilizidi kufanana na uongo uliotungwa na mtu mwenye elimu. Akainua mkono kunizuia, bila ukali.

"Mwanangu, sikuuliza habari za kompyuta." Kisha akamgeukia baba. "Ahsante kwa kusema kweli. Nilijua umefuta, sikujua kama utathubutu kuja kusema."

Baba akainamia kikombe chake. Alikuwa ameomba aaminiwe, na ameaminiwa nusu, ile nusu mbaya. Tukamaliza maziwa kwa sababu kuyaacha ingekuwa matusi. Tukaaga. Baba mkubwa hakutusindikiza. Miaka yote alikuwa anatusindikiza mpaka barabarani, na mazungumzo yenyewe matamu yalikuwa ya njiani. Siku hiyo alibaki kwenye kiti chake, kofia gotini.

Tulitembea kusubiri usafiri. Ukungu ulikuwa umeshuka kwenye mashamba ya viazi, baridi inaingia mifupani. Nilimshika baba mkono, jambo ambalo huwa hatulifanyi. Nilitegemea atamlaumu rafiki yake, au mimi, au hata ile mashine, na nilikuwa tayari kumuunga mkono kwa lolote. Akasimama katikati ya njia.

"Hivi mimi nilisema kwao," akaniuliza, "au nilisema Kwai?"

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Akaendelea, taratibu, kama anayejisahihishia daftari, kwamba siku zile habari ya shamba la rafiki yake ilikuwa inamkaa kichwani mchana na usiku, na ulimi wa mzee huenda kule kichwa kilipo. Amelirudia lile neno mara nyingi mno tangu siku ile, akiwa kitandani, akiwa anatawadha. Sasa yote mawili yanasikika kwa sauti yake.

"Ulisema kwao, baba," nikamwambia.

Akaniuliza nilisikia wapi.